Picha za skrini zimekwenda wapi? Kuzitafuta kwenye Windows pale folda inapoonekana tupu

Umebonyeza vitufe vya kupiga picha ya skrini, skrini ikafifia kwa nukta moja kisha ikarudi katika mwanga wake, lakini ulipofungua folda ya Screenshots umekutana na maneno This folder is empty. Kabla ya kuamua kwamba picha imepotea, shika jambo moja: kule kufifia kwa skrini ni ushahidi. Windows hufifisha skrini namna hiyo inapohifadhi picha kama faili, yaani unapobonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na PrtScn. Ukiona dalili hiyo, faili karibu kila mara lipo mahali fulani ndani ya diski, na kazi iliyobaki ni kujua ni mahali gani. Usipoiona, inawezekana hakuna faili lililotengenezwa kabisa, na kutafuta kwenye folda kutakuchosha bure. (Kwenye kompyuta ambayo mwendo wa madirisha umezimwa katika mipangilio, skrini haifanyi hivyo hata picha ikihifadhiwa, kwa hiyo kutofifia peke yake hakuthibitishi kitu.)

Katika kuwasaidia watu na tatizo hili nimeona kwamba kuna maswali mawili yanayopaswa kujibiwa kwa mpangilio. La kwanza ni kitufe gani kilibonyezwa. La pili ni ipi kati ya folda mbili zenye jina moja inayotazamwa. Wengi huanza na la pili, au hawajui kabisa kwamba folda zinaweza kuwa mbili, na hapo ndipo saa nzima inapopotea.

Kwanza: ulibonyeza nini?

Kitufe cha PrtScn peke yake, kwa desturi ya miaka mingi, hakihifadhi faili lolote. Kinanakili skrini nzima na kuiweka kwenye ubao wa kunakili, ile sehemu ya kumbukumbu ambapo maneno hukaa kati ya kuyanakili na kuyabandika. Alt pamoja na PrtScn hufanya vivyo hivyo kwa dirisha moja tu, lile unalolitumia wakati huo. Katika hali zote mbili picha inaishi hadi utakaponakili kitu kingine au kuzima kompyuta; ukinakili hata neno moja baada yake, picha imefunikwa. Kama ndivyo ulivyofanya muda mfupi uliopita, fungua programu ya Paint, bonyeza Ctrl na V, na picha itatokea, kisha uihifadhi mwenyewe mahali unapotaka.

Ikiwa umekwisha kunakili kitu kingine, lipo tumaini moja lililobaki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V. Kama historia ya ubao wa kunakili iliwashwa kabla ya tukio, utaona orodha ya vitu ulivyonakili karibuni, visivyozidi 25, na picha yako inaweza kuwa miongoni mwao. Kama historia haikuwashwa, dirisha hilo litakupa nafasi ya kuiwasha sasa, lakini haliwezi kurudisha yaliyopita. Orodha hiyo pia hufutwa kompyuta inapowashwa upya, isipokuwa vile vitu ulivyovibana kwa makusudi ili visifutwe.

Kwenye Windows 11 ya karibuni mambo yamebadilika kidogo, na mabadiliko haya yanawachanganya hata waliozoea. Kitufe cha PrtScn peke yake sasa kwa kawaida hufungua Snipping Tool, yaani skrini inakuwa na giza, mwambaa mdogo unatokea juu, nawe unachagua sehemu ya kukata. Matokeo ni yaleyale ya kubonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja. Ukipenda kitufe kirudie tabia yake ya zamani, fungua Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, na uzime swichi inayohusu kutumia kitufe cha Print screen kufungulia programu ya kukata skrini.

Snipping Tool ya Windows 11 huhifadhi nakala ya kila picha yenyewe ndani ya folda ya Screenshots, mradi swichi ya Automatically save original screenshots iwe imewashwa katika mipangilio ya programu hiyo. Tazama neno original hapo: kinachohifadhiwa ni picha kama ilivyokatwa. Ukiichora mistari au kuikata tena baada ya hapo bila kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, faili utakalolikuta kwenye folda litakuwa lile la awali, lisilo na michoro yako. Kwenye Windows 10, kwa upande mwingine, vitufe vya Windows, Shift na S huiweka picha kwenye ubao wa kunakili na kuonyesha taarifa ndogo pembeni mwa skrini. Usipoibofya taarifa hiyo na kuhifadhi, hakuna kitakachoonekana kwenye folda. Mtu aliyehama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine yenye toleo tofauti anaweza kufanya kitendo kile kile kwa vidole vile vile na kupata matokeo mawili tofauti.

Lipo kundi la mwisho ambalo wengi hawalijui. Windows, Alt na PrtScn kwa pamoja huita Game Bar, na picha zake haziendi kwenye Pictures hata kidogo. Zinakaa ndani ya Videos, katika folda iitwayo Captures. Kama umepiga picha ukiwa kwenye mchezo, au kidole kimegusa Alt bila kukusudia, angalia huko kwanza.

Ukihitimisha hatua hii utakuwa umefika kwenye mojawapo ya majibu mawili: picha haikuhifadhiwa kamwe, au ilihifadhiwa na inapaswa kuwa ndani ya Screenshots. Yaliyobaki yanamhusu yule wa jibu la pili, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye shida ngumu zaidi, kwa sababu amefanya kila kitu sawasawa na bado anaona folda tupu.

Pili: folda mbili, jina moja

Anwani inayotajwa kila mahali kuwa ndiyo makazi ya picha za skrini ni hii, ambapo neno ofisi linasimama badala ya jina la mtumiaji wa kompyuta:

```
C:\Users\ofisi\Pictures\Screenshots
```

Anwani hiyo ni ya kweli, lakini si kwa kila kompyuta. Windows haikumbuki Pictures kama anwani isiyobadilika. Inaikumbuka kama jina lenye kiungo, na kiungo hicho kinaweza kuelekezwa kwingine. Programu inapotaka kuhifadhi picha huuliza mfumo, "Pictures iko wapi leo?", nayo hupeleka faili kule inakoelekezwa. OneDrive, programu ya Microsoft inayotunza mafaili kwenye wingu, yaani mtandaoni, inapowashiwa huduma yake ya kuhifadhi akiba ya folda, jambo ambalo mara nyingi watu hulikubali wakati wa kuiandaa kompyuta mpya bila kulitilia maanani, kiungo hicho huelekezwa upya. Kuanzia hapo picha mpya zinakwenda hapa:

```
C:\Users\ofisi\OneDrive\Pictures\Screenshots
```

Folda ya zamani inaweza kubaki mahali pake ikiwa na jina lilelile, ila haipokei tena kitu chochote. Mtu akiifungua kwa kufuata anwani aliyoizoea, au kwa njia ya mkato iliyobandikwa kabla ya mabadiliko, atakuta tupu. Ile anwani aliyosoma mahali fulani ni sahihi kwa herufi zake zote, lakini kompyuta yake imekwisha kuhamia nyumba nyingine.

Kisa hiki nimekutana nacho kwenye kompyuta ya kazini inayotumiwa na watu kadhaa kwa akaunti moja. Mwenzangu alikuwa anakusanya picha za ujumbe wa hitilafu uliokuwa ukitokea mara kwa mara kwenye programu moja, ili apeleke ushahidi kwa fundi. Kwa majuma kadhaa alibonyeza Windows na PrtScn kila ujumbe ulipotokea, akaona skrini ikififia, akaendelea na kazi. Siku ya kupeleka picha alifungua Screenshots iliyokuwa imebandikwa upande wa kushoto wa File Explorer na hakukuta hata moja. "Zimefutika zote," aliniambia, tena kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hawezi kuurudisha ujumbe ule utokee upya.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuijua folda iliyokuwa mbele yetu. Juu ya dirisha palionekana maneno mafupi tu, Pictures kisha Screenshots, ambayo hayasemi ni Pictures ipi. Tulibofya sehemu tupu ya mwambaa wa anwani, upande wa kulia wa maneno hayo, na maneno yakageuka kuwa anwani kamili iliyoanza na C:\Users\ofisi\Pictures. Neno OneDrive halikuwemo. (Kama kubofya huko hakukuonyeshi anwani kamili, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, na usome mstari wa Location katika ukurasa wa kwanza, unasema jambo hilohilo.)

Kisha tuliiuliza Windows yenyewe. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haitegemei kumbukumbu ya mtu wala njia ya mkato. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, na katika kisanduku kinachofunguka andika maneno haya bila nafasi katikati, kisha ubonyeze Enter:

```
shell:Screenshots
```

Amri hii haifungui anwani fulani iliyoandikwa. Inafungua ile folda ambayo mfumo unaitambua kuwa ndiyo Screenshots kwa wakati huo. Dirisha la pili lilifunguka likiwa na picha 64, ya mwisho ikiwa ya asubuhi ileile. Tulipobofya mwambaa wa anwani, tulisoma C:\Users\ofisi\OneDrive\Pictures\Screenshots. Madirisha yale mawili yalikaa ubavuni kwa ubavu, yote mawili yakiitwa Screenshots, moja tupu na jingine limejaa, na hapo haikuhitajika tena kueleza lolote.

Ikiwa amri hiyo inaleta ujumbe wa kosa badala ya kufungua dirisha, sababu moja ya kawaida ni kwamba folda haijawahi kuundwa kwenye akaunti hiyo, kwa maana Windows huiunda mara ya kwanza tu picha inapohifadhiwa ndani yake. Bonyeza Windows na PrtScn mara moja, kisha ujaribu tena. Kwenye kompyuta za mapajani ambazo PrtScn imeshirikiana kitufe kimoja na kazi nyingine, itakubidi uongeze kitufe cha Fn. Ukipenda uthibitisho mwingine, fungua PowerShell na uandike mstari huu, nao utakujibu kwa anwani kamili ya Pictures inayotumika sasa:

```
[Environment]::GetFolderPath("MyPictures")
```

Jina la faili nalo linazungumza. Picha zinazopigwa kwa Windows na PrtScn huitwa Screenshot na namba katika mabano, kwa mfano Screenshot (65).png, na namba hiyo inatunzwa na Windows kwenye kumbukumbu yake tofauti, bila kuhesabu mafaili yaliyomo ndani ya folda. Kwa hiyo ukipiga picha moja ya majaribio na ikatokea peke yake katika folda ikiwa na namba 65, unajua kwamba kwenye akaunti hiyo zilipigwa nyingine kabla yake, na kwamba zimekaa kwingine au zilifutwa. Ikiwa ya kwanza ina namba 1, huenda hukuwahi kuhifadhi picha kwa njia hiyo, na swali linarudi kwenye kitufe ulichobonyeza. Picha za Snipping Tool haziingii katika hesabu hii, kwani zenyewe hupewa tarehe na saa badala ya namba. Tofauti hii ya majina inakusaidia pia kujua picha fulani ilipigwa kwa njia ipi, hata kama wewe mwenyewe umesahau.

Hali ya kinyume: akiba ilipozimwa

Tatizo hilohilo huja pia kutoka upande wa pili, na hapa watu hushtuka zaidi kwa sababu picha walikuwa wakiziona jana. Mtu anaona OneDrive imejaa, au hataki picha zake ziende kwenye wingu, anaingia kwenye mipangilio yake na kusimamisha akiba ya Pictures. Kiungo kinarudishwa kwenye folda ya zamani, C:\Users\ofisi\Pictures, lakini mafaili yaliyokuwa yamehamishwa yanaweza kubaki ndani ya folda ya OneDrive. Anapofungua Pictures anakuta tupu, au anakuta alama moja tu yenye maandishi Where are my files. Alama hiyo ni njia ya mkato inayokupeleka kwenye folda ya OneDrive ambako picha zako zimebaki, kwa hiyo usiifute kabla ya kuibofya. Matoleo mapya ya OneDrive hukuuliza wakati wa kusimamisha akiba kama unataka mafaili yabaki kwenye wingu au yarudi kwenye kompyuta. Aliyebofya haraka bila kusoma ndiye anayekuja kuuliza baadaye.

Katika hali hii amri ya shell:Screenshots itafungua folda iliyo sahihi kwa picha zijazo, ingawa haina picha za zamani. Lazima basi ufungue sehemu zote mbili, ile inayotambuliwa na mfumo sasa na ile ya OneDrive, na kuhamisha picha kutoka ya pili kwenda ya kwanza kwa mkono wako.

Hapa naomba uwe mwangalifu sana. Faili lililomo ndani ya folda ya OneDrive na nakala yake iliyoko kwenye wingu ni kitu kimoja kinacholinganishwa muda wote. Ukilifuta kwenye kompyuta ukidhani unaondoa nakala ya ziada, litafutwa pia kwenye wingu na kwenye kila kifaa kilichounganishwa na akaunti hiyo. Ukilihamisha nje ya folda hiyo, wingu nalo litaliondoa. Kwa hiyo nakili kwanza, fungua nakala tatu au nne uone kwamba zinafunguka, ndipo uamue kuhusu zile za asili. Ikiwa umekwisha kufuta, ingia OneDrive kwa kivinjari na utazame Recycle bin. Kwenye akaunti ya kawaida ya mtu binafsi vitu hukaa humo siku 30.

Dirisha la kuchagua faili linapoficha picha

Ipo sababu moja nyingine ambayo haihusiani na mahali picha zilipo. Unajaza fomu fulani kwenye kivinjari, unabofya sehemu ya kuambatisha faili, dirisha linafunguka, unaingia Screenshots na unaambiwa No items match your search. Unafungua folda hiyohiyo kwa File Explorer, na picha zote zipo.

Dirisha la kuambatisha halionyeshi kila kilichomo ndani ya folda. Linaonyesha aina za mafaili zinazokubaliwa na ukurasa uliolifungua. Kama fomu inataka mafaili ya PDF tu, picha zako, ambazo ni za aina ya PNG, hazitatokea hata ukirudi mara kumi. Tazama pembe ya chini kulia ya dirisha hilo, jirani na nafasi ya kuandika jina la faili. Kuna kisanduku kidogo kinachotaja aina inayoonyeshwa. Ukikibofya na kuchagua All files, picha zitajitokeza. Kujitokeza kwake hakumaanishi kwamba fomu itazipokea, maana ukurasa unaweza kuzikataa baada ya kuzipakia, lakini angalau utajua kwamba folda haina tatizo na kinachohitajika ni kugeuza picha iwe PDF.

Vivyo hivyo, programu inapokuomba uchague folda badala ya faili, dirisha lake huonyesha folda pekee. Screenshots itaonekana tupu ndani ya dirisha hilo kwa sababu haina folda nyingine ndani yake. Sentensi ya No items match your search ndiyo inayopaswa kukushtua: haifanani na This folder is empty. Ya kwanza inasema hakuna kinacholingana na kichujio, ya pili inasema hakuna kitu kabisa. Isome neno kwa neno kabla ya kuchukua hatua.

Usipopata kwa njia hizo

Baki na utafutaji wa jumla. Fungua Command Prompt, si PowerShell, na uandike amri ifuatayo kama ilivyo, pamoja na alama zake za kufungia:

```
dir "%USERPROFILE%\Screenshot*.png" /s /b
```

Amri hii inapita katika folda zote zilizo chini ya akaunti yako, ikiwemo ya OneDrive inapokuwa mahali pake pa kawaida, na kuandika anwani kamili ya kila faili la PNG ambalo jina lake linaanza na Screenshot. Majibu yakiwa na anwani za aina mbili, umegundua folda zako mbili kwa pigo moja. Kama Windows yako imewekwa katika lugha nyingine, jina la faili nalo linaweza kuwa la lugha hiyo, hivyo ondoa neno Screenshot na ubakize *.png, orodha itakuwa ndefu kwa sababu programu nyingi zina picha zake ndogo, lakini utakachokitafuta kitakuwemo kama kipo. Kwa anayependelea kufanya hivyo bila kuandika amri, File Explorer inakubali maneno haya katika kisanduku chake cha kutafutia, ukiwa umesimama kwenye folda ya mtumiaji:

```
ext:.png datemodified:today
```

Piga picha moja mpya kwa Windows na PrtScn kabla tu ya kutafuta hivyo. Utafutaji wa picha ya leo ni mwepesi kuliko wa picha ya mwezi uliopita, na pale ya leo itakapoonekana, za zamani mara nyingi zimekaa jirani yake.

Utafutaji ukirudi mtupu ilhali una hakika umebonyeza vitufe sahihi, hakikisha uko kwenye akaunti ileile iliyopiga picha, kwani kila mtumiaji ana Pictures yake. Kisha fungua Windows Security, uingie sehemu ya Ransomware protection na uone kama Controlled folder access imewashwa. Ulinzi huo huzuia programu usizoziruhusu kuandika ndani ya folda muhimu, Pictures ikiwa mojawapo, na mtu anayetumia programu ya kupiga picha iliyotoka nje ya Windows anaweza kuzuiwa hivyo. Programu iliyozuiwa utaikuta katika orodha ya matukio iitwayo Block history, na unaweza kuipa ruhusa hapo hapo.

Kuweka sawa ili isijirudie

Kwenye kompyuta ile ya kazini hatukubadilisha mipangilio ya OneDrive, maana picha zilihitajika na watu waliokuwa mbali. Tulichofanya ni kuondoa ile njia ya mkato ya upande wa kushoto kwa kuibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua Unpin from Quick access, kisha tukafungua folda sahihi kwa shell:Screenshots na kuibandika hiyo kwa Pin to Quick access. Folda tupu ya zamani tulihakikisha haina kitu, hata vilivyofichwa, ndipo tukaiondoa, ili asiwepo atakayeifungua tena kwa makosa.

Anayetaka picha zikae mahali pengine kabisa, tuseme kwenye diski ya pili yenye nafasi zaidi, aunde folda mpya huko na kuipa jina, kwa mfano D:\PichaZaSkrini. Kisha abofye Screenshots ile ya kweli kwa kitufe cha kulia, achague Properties, afungue ukurasa wa Location, abofye Move na aonyeshe folda hiyo mpya. Windows itauliza kama ihamishe na mafaili yaliyopo, jibu ndiyo. Usielekeze kamwe kwenye mzizi wa diski, yaani D:\ yenyewe bila folda ndani yake, kwa sababu diski nzima itaanza kuchukuliwa kama Screenshots na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ya kuchosha. Katika matoleo mapya ya Snipping Tool kuna kitufe cha Change katika mipangilio yake chenye kuamua mahali pa kuhifadhi, na kama kiliwahi kubadilishwa, picha za programu hiyo zitakwenda huko bila kujali ulichoweka kwenye ukurasa wa Location. Baada ya kuhamisha, piga picha moja kwa kila njia unayoitumia, andika shell:Screenshots, na uhesabu ni ngapi zimefika.